Asilimia mbili, kundi kubwa na kundi dogo: namna ya kupata asilimia ya jumla iliyo sahihi

Chukua chama cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe chenye vituo viwili vya kukusanyia matunda. Kimoja kiko kando ya lami, tuseme Kiwira, na kingine kiko juu mlimani, mahali ambapo matunda hushuka kwa bodaboda au kichwani. Msimu unapoisha karani anatakiwa kuuambia mkutano jambo moja: katika matunda yote tuliyopeleka kiwandani kufungashwa, asilimia ngapi yalikataliwa? Mbele yake ana asilimia mbili tu. Kituo cha Barabarani 6%, kituo cha Mlimani 38%. Anajumlisha, anagawanya kwa mbili, anaandika 22%.

Jibu hilo si sahihi, na kosa lake si dogo. Mwongozo huu unaeleza hesabu inayotakiwa hatua kwa hatua, unaonyesha ile ya kwanza inaharibikia wapi, na jinsi mtu mwingine aliyeshika taarifa anavyoweza kuligundua kosa. Takwimu zote hapa ni za mfano, zimechaguliwa ili ziwe rahisi kufuatilia kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye kilo

Asilimia haisimami peke yake. Ni sehemu, kama zile za darasani, yenye kiasi juu na asili chini. Ukiandika 38% umeshaificha asili. Msomaji hajui kama ni asilimia 38 ya gunia moja au ya fuso zima. Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, fungua daftari la mapokezi na stakabadhi za mizani, kisha andika upya kilo zilizopokelewa na kilo zilizokataliwa (zile ambazo wengi huziita rijekti) kwa kila kituo.

| Kituo | Kilo zilizopokelewa | Kilo zilizokataliwa | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Barabarani | 4,200 | 252 | 6% |
| Mlimani | 300 | 114 | 38% |
| Jumla | 4,500 | 366 | ? |

Alama ya kuuliza imeachwa makusudi. Safu mbili za katikati zinajumlishika, kwa sababu kilo na kilo ni kitu kimoja. Safu ya asilimia haijumlishiki, kwa sababu 6 ya juu ni sehemu ya kilo 4,200 na 38 ya chini ni sehemu ya kilo 300. Hizo ni asili mbili tofauti.

Hatua ya pili: jumlisha kwanza, gawanya mwisho

Kilo zilizokataliwa ni 252 + 114 = 366. Kilo zilizopokelewa ni 4,200 + 300 = 4,500. Sasa gawanya mara moja tu: 366 ÷ 4,500 = 0.0813, yaani 8.13%.

Hesabu yenyewe imeishia hapo. Karani alisema 22%, matunda yanasema 8.13%. Ili kuona uzito wa tofauti hiyo, geuza asilimia zirudi kuwa kilo. Asilimia 22 ya kilo 4,500 ni kilo 990. Daftari linaonyesha kilo 366 ndizo zilizokataliwa. Kilo 624 zilizobaki katikati hazikukataliwa na mtu yeyote. Ziliuzwa, zikalipwa, na sasa taarifa inasema zilitupwa. Kama kilo moja ililipwa shilingi 1,500, hizo ni shilingi 936,000. Mzee mmoja akisimama mkutanoni na kuuliza, "Mwenyekiti, kilo hizi mia sita na zaidi zimekwenda wapi?", hakuna atakayekuwa na jibu, na watu wataanza kutazamana vibaya ilhali hakuna aliyeiba chochote.

Kosa linatoka wapi hasa

Watu wengi huambiwa "usifanye hivyo" bila kuelezwa kwa nini, wakishasahau wanarudia. Sababu yenyewe ni hii.

Unapojumlisha asilimia mbili na kugawanya kwa mbili, unakuwa umevipa vituo vyote viwili haki sawa, nusu kwa nusu. Maana yake umechukua kilo 4,500 za chama ukazigawa kana kwamba kila kituo kilileta kilo 2,250. Jaribu uone: 6% ya 2,250 ni kilo 135, na 38% ya 2,250 ni kilo 855. Jumla yake ni 990, namba ileile tuliyoipata kwenye 22%. Kwa hiyo 22% ni jibu sahihi la chama kingine, ambacho vituo vyake vililingana. Chama chetu hakiko hivyo.

Tazama kilichotokea kwa kila kilo. Kilo 300 za Mlimani zimevimbishwa zikawa 2,250, kila kilo imehesabiwa mara saba na nusu. Kilo 4,200 za Barabarani zimesinyaa hadi 2,250, kila kilo imehesabiwa kama nusu kilo na kitu kidogo. Hakuna mizani inayopima namna hiyo.

Mizani ndiyo inayosaidia kuliona jambo hili bila hesabu. Chora mstari kutoka 6 hadi 38, urefu wake hatua 32. Uchukulie kama mti uliolazwa juu ya jiwe. Upande wa 6 umetundikwa mzigo wa kilo 4,200, upande wa 38 mzigo wa kilo 300. Ukiliweka jiwe katikati, kwenye 22, mti utaanguka upande wa mzigo mkubwa. Ili usimame sawa lazima usogeze jiwe karibu na mzigo mzito. Kiasi cha kusogeza kinajulikana: Mlimani ina 300 kati ya 4,500, yaani sehemu moja kati ya kumi na tano, hivyo jiwe linakaa umbali wa sehemu moja ya kumi na tano ya mti kutoka kwenye 6. Hatua 32 ukizigawa kwa 15 unapata 2.13. Ongeza kwenye 6, ni 8.13.

Picha hiyo inakupa pia kipimo cha haraka. Asilimia ya jumla lazima iwe kati ya ile ndogo na ile kubwa, na lazima iegemee kundi kubwa. Ukiikuta imekaa katikati kabisa ilhali makundi hayalingani, simama. Karibu kila mara mtu amegawanya kwa mbili.

Ukiwa na asilimia na kilo za mapokezi tu

Mara nyingine kiwanda huleta asilimia bila kilo zilizokataliwa. Bado inawezekana, mradi unajua kila kituo kilipeleka kilo ngapi. Zidisha kila asilimia kwa kilo zake, jumlisha, kisha gawanya kwa kilo zote. Huu ndio huitwa wastani wenye uzito: kila asilimia inaingia na uzito wa kundi lake.

Hata kilo kamili si lazima, uwiano unatosha. Kilo 4,200 kwa 300 ni sawa na 14 kwa 1. Basi 14 × 6 ni 84, ongeza 1 × 38, inakuwa 122, gawanya kwa 15: 8.13. Mtu anayekumbuka tu kwamba "Barabarani walileta mara kumi na nne ya Mlimani" anaweza kufika palepale.

Kwenye Excel, weka kilo zilizopokelewa safu ya B, zilizokataliwa safu ya C, asilimia safu ya D, vituo vikiwa mstari wa 2 na wa 3. Fomula bora ni hii:

```
=SUM(C2:C3)/SUM(B2:B3)
```

Kama huna safu ya C, tumia hii:

```
=SUMPRODUCT(B2:B3,D2:D3)/SUM(B2:B3)
```

Na hii ndiyo inayoleta 22%:

```
=AVERAGE(D2:D3)
```

Ile ya kwanza ina nafuu moja juu ya ya pili. Asilimia zilizoandikwa na kiwanda huwa zimekwisha kukadiriwa; 37.6% huandikwa 38%. Kwenye kilo 300 tofauti hiyo ni kilo moja na kidogo, haiumizi. Ikiwa kundi lenye asilimia iliyokadiriwa ni la kilo 40,000, umepoteza kilo 160. Kilo zikiwepo, anza nazo.

Uzito gani wa kutumia: hapa ndipo wajuaji nao hujikwaa

Aliyekwisha kuelewa kwamba makundi hayalingani huweza kuchukua ukubwa usiohusika. Tuseme Barabarani ina wakulima 35 na Mlimani ina 25. Karani makini anasema, nitatumia idadi ya wakulima. Anazidisha 35 × 6 anapata 210, 25 × 38 anapata 950, anajumlisha 1,160, anagawanya kwa 60. Jibu: 19.3%. Amefanya wastani wenye uzito, kanuni ameifuata neno kwa neno, na bado yuko mbali na 8.13%.

Alichokosea ni asili. Asilimia zake ni za kilo, kwa hiyo uzito wake lazima uwe kilo. Kanuni ni fupi: uzito wa kila asilimia ni ile namba iliyokuwa chini ya mstari ilipokokotolewa. Kama swali lingekuwa "wakulima wangapi walirudishiwa matunda", asilimia ingekuwa ya wakulima na uzito ungekuwa wakulima. Kama kiwanda kilipima rijekti kwa kuhesabu matunda, moja moja, uzito ni idadi ya matunda, na hapo kilo nazo hazifai, kwa sababu matunda madogo huwa mengi zaidi ndani ya kilo moja.

Kuhusu kreti: zinafaa kuwa uzito pale tu zinapojazwa sawa vituo vyote viwili. Kituo cha mlimani kinachobeba kwa bodaboda mara nyingi hujaza nusu ili matunda yasichubuke. Hapo kreti moja ya juu si sawa na kreti moja ya chini.

Swali la kumuuliza yeyote anayekuletea asilimia, basi, ni moja: "Asilimia ya nini, na vilikuwa vingapi?" Asipojibu sehemu ya pili, unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba jumla iko kati ya 6% na 38%. Andika hivyo. Usijaze pengo kwa kugawanya kwa mbili.

Angalia kama kosa halikuingia mapema

Hata ile 6% ya Barabarani inahitaji kuulizwa ilikotoka. Ikiwa msimamizi wa kituo alikuwa anaandika asilimia ya kila wiki kisha akachukua wastani wa wiki zote, kosa limekwisha kuingia kabla hujaanza. Wiki ya kwanza ya msimu huwa na mzigo mdogo, na wapo wanaowahi kuchuma kabla tunda halijakomaa. Tuseme wiki hiyo zilipokelewa kilo 200 na 60 zikakataliwa: 30%. Wiki iliyofuata kilo 1,800, zikakataliwa 72: 4%. Wastani wa asilimia ni 17%, ukweli ni 132 kwa 2,000, yaani 6.6%. Wiki ndogo imepewa sauti ya wiki kubwa. Dawa ni ileile: kutoka daftari la kila siku hadi taarifa ya msimu, panda na kilo, na asilimia iandikwe mara ya mwisho kabisa.

Vituo vyote vikiboreka na jumla ikaharibika

Sehemu hii inastahili kusomwa taratibu, maana inawagombanisha watu wasio na kosa. Msimu wa pili Barabarani imeshuka kutoka 6% hadi 5%. Mlimani imeshuka kutoka 38% hadi 30%, wamejifunza kukata tunda kwa mkasi na kuliachia kikonyo badala ya kuling'oa kwa mkono. Kila kituo kimefanya vizuri zaidi. Karani, safari hii akihesabu sawasawa, anapata 11.25%. Mwaka jana ilikuwa 8.13%. Mkutano unaamua kwamba ama karani amekosea, ama kuna uongo.

Hakuna uongo. Mlimani walileta kilo 1,200 badala ya 300, na Barabarani kilo 3,600. Asilimia 5 ya 3,600 ni kilo 180, asilimia 30 ya 1,200 ni kilo 360, jumla 540 kati ya 4,800. Kilichobadilika ni mchanganyiko. Upande wenye rijekti nyingi umekuwa mzito, na jiwe la mizani limevutwa kuelekea kwake, ingawa ncha zote mbili za mti zimesogea kwenye namba ndogo zaidi. Mtakwimu Edward Simpson aliieleza hali ya namna hii kwenye makala yake ya mwaka 1951, na mpaka leo inabeba jina lake.

Ukitaka kulinganisha misimu miwili bila mchanganyiko kukuchezea, shikilia uzito wa mwaka mmoja. Chukua kilo za mwaka jana na asilimia za mwaka huu: 5% ya 4,200 ni 210, 30% ya 300 ni 90, jumla 300 kati ya 4,500, yaani 6.67%. Kutoka 8.13% hadi 6.67% ndiyo picha ya kazi ya mikono. Kutoka 8.13% hadi 11.25% ni picha ya mzigo uliofika kiwandani. Namba zote mbili ni za kweli, zinajibu maswali mawili, na taarifa nzuri huzitaja zote na kueleza kilichoongezeka Mlimani.

Wastani wa kawaida una mahali pake

Makundi yakilingana, kugawanya kwa mbili kunaleta jibu lilelile, huna haja ya kujisumbua. Kilo 2,000 kwa 2,100 tofauti yake ni ndogo mno kubadili uamuzi wa mtu.

Pia kuna maswali ambayo kituo chenyewe ndicho kinachohesabiwa. Ukitaka kujua wasimamizi wa vituo vyako wanafanyaje kazi, kila msimamizi akiwa mmoja bila kujali mzigo, wastani wa 6 na 38 unaweza kusemwa. Ila uandike waziwazi "wastani wa vituo", usiuite asilimia ya matunda yote.

Asilimia ya jumla isitumike kumkata mkulima

Ukishapata 8.13% iliyo sahihi, kishawishi kinachofuata ni kumkata kila mkulima 8.13% ya kilo zake. Hilo nalo ni kosa, japo hesabu ni safi. Mkulima wa Barabarani aliyeleta kilo 500 angekatwa kilo 40.7 wakati kituo chake kilipoteza kilo 30 kwa kila 500. Analipa michubuko ya barabara asiyoipita. Wa Mlimani aliyeleta kilo 20 angekatwa kilo 1.6, wakati kwa hali ya kituo chake ni 7.6. Jumla ya chama inafunga vizuri, mifuko ya watu haifungi.

Asilimia ya jumla inafaa kwa mazungumzo ya jumla: kukadiria mzigo utakaopokelewa, kupanga fuso, kuzungumza bei na mnunuzi. Malipo yafuate stakabadhi ya mkulima mwenyewe, au ikishindikana, asilimia ya kituo chake. Na ukitafuta chanzo cha rijekti, nenda pale ilipo 38%, kwa sababu ndani ya 8.13% tatizo la Mlimani halionekani kabisa.

Kuhakiki kabla ya kusoma mkutanoni

Zidisha asilimia ya jumla kwa kilo zote. Jibu lazima lilingane na kilo zilizokataliwa daftarini, ukiacha kilo moja au mbili za kukadiria. 8.13% ya 4,500 ni 365.9, daftari linasema 366, hesabu imefunga. 22% ingekupa 990 na ungejua palepale, ukiwa bado umekaa mezani kwako.

Kwenye taarifa andika namna hii: "Kilo 366 kati ya 4,500 zilikataliwa (8.13%). Barabarani 252 kati ya 4,200 (6%). Mlimani 114 kati ya 300 (38%)." Yeyote mwenye kikokotoo cha simu, hata aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi, anaweza kuikagua.